Nimeuliziwa mlango wa kuchonga, nikataja 3,200,000, mteja kajibu kwa imeli 900,000. Nimjibu vipi nisimpoteze?

FundiDunda (Bagamoyo)

Wakuu habari za jioni. Nina karakana ya uchongaji hapa Bagamoyo. Wiki hii kuna bwana wa Arusha anayekarabati loji, kaona picha za kazi zangu, akaniandikia imeli kuulizia mlango wa mbao mbili, mninga, urefu futi 7 na upana futi 4, miimo na kizingiti vyote viwe na maua. Nikampa 3,200,000. Kanijibu mstari mmoja: "Tunaweza kulipa 900,000, tujulishe."

Hesabu yangu iko hivi. Mbao 980,000, wachongaji wawili 750,000, njumu za shaba na bawaba 170,000, msasa na vanishi 70,000. Jumla 1,970,000 kabla sijatia senti mfukoni. Chini ya 2,500,000 siwezi kuuza.

Kazi hii naitaka, maana loji ina milango mingi. Ana kwa ana najua kupatana bei: unacheka, unamkaribisha kahawa, anapapasa mbao, mnaelewana. Kwenye imeli hakuna sura. Kila nikiandika naona kama namfokea, na nikilainisha naona kama naomba. Nimeiacha kwenye rasimu. Naombeni ushauri.

SimbaWaChumbageni

Mkuu, huyo tapeli. Usimpe namba yako ya benki.

FundiDunda

Hajaomba namba ya benki wala malipo yoyote, ndugu yangu. Ametaja bei ndogo tu. Ninachouliza ni namna ya kumjibu.

MamaNgamiani (Tanga)

Pole mwanangu. Mimi nina kiwanja Kange, wananipigia simu wanataja nusu ya bei na mimi nawajibu hivyohivyo kwa simu, hivyo ya imeli siyajui. Ila nimejifunza kitu kimoja: ukimwambia mtu "hiyo bei ya kutupwa", harudi hata akija kupata hela.

DaudiBiashara

Rahisi sana hii. Kata katikati. 3,200,000 na 900,000, katikati yake ni 2,050,000. Mwandikie tukutane hapo, kila mtu ameumia kidogo, biashara imeisha. Na usichelewe kujibu, mteja wa imeli ameandikia mafundi watano kwa mpigo.

BiKaole (Bagamoyo)

Daudi, kwenye kutochelewa nakuunga mkono. Kwenye kukata katikati hapana. Katikati hupangwa na aliyetaja namba ndogo zaidi. Angesema 400,000, katikati yako ingekuwa 1,800,000 na FundiDunda angechonga kwa hasara. Tena akiruka kutoka 3,200,000 hadi 2,050,000 kwa barua moja, yule bwana atajua bei ya kwanza haikuwa bei, na ataendelea kuisukuma.

FundiDunda, nimeuza makasha, vitanda na milango kwa hoteli kwa miaka mingi, nyingi kwa barua pepe. Namba ndogo namna hiyo huwa na sababu tatu. Ya kwanza, mteja hajui anachonunua: amelinganisha na mlango wa kawaida wa dukani. Ya pili, anakupima. Ya tatu, ni dalali, anataka bei ya kwake aongeze juu. Bado hujui huyu ni yupi, na imeli yako ya kwanza inapaswa kukujulisha hilo huku ikiweka namba yako mezani. Ukiuliza maswali matupu bila kutaja bei, namba pekee iliyobaki kwenye mazungumzo ni 900,000.

Kwa hiyo usiitaje ile 900,000 kabisa. Usiseme ni ndogo, usiseme umeshangaa, usiseme "kusema kweli" wala "kama unavyojua". Maneno hayo mtu akiyasoma peke yake ofisini huyasikia kwa sauti ya hasira hata kama wewe ulikuwa unatabasamu. Asante moja inatosha. Zikiwa tatu ndiyo hapo unaonekana unaomba. Na tafadhali, "bei ya mwisho" usiiandike sasa. Neno hilo lina kazi mara moja tu. Ukilisema leo na kesho ukashuka, huna kingine cha kusema.

Ukishuka, shuka kidogo na uwe na sababu ambayo inatoka kwake. Halafu mpe njia ya pili, kazi tofauti kwa bei tofauti, ili mwenye bajeti ndogo apate pa kukanyaga bila wewe kupunguza bei ya kazi ileile. Ningeandika hivi:

> Habari za kazi, Bwana.
>
> Asante kwa kunijibu mapema. Bei niliyokupa ni ya mlango mpya wa mninga mkavu, mbao mbili, miimo, kizingiti cha juu na mfaa wa katikati vyote vikichongwa kwa mkono. Ikiwa mtauchukua wenyewe hapa Bagamoyo, naweza kuufanya kwa 3,050,000.
>
> Naweza pia kutengeneza wa vipimo hivyohivyo, uchongaji ukiwa kwenye kizingiti na mfaa tu, miimo ikiwa laini, kwa 2,300,000.
>
> Mlango utakaa ndani, au utapigwa na jua na mvua? Nikijua hilo nitakuambia upi unawafaa zaidi.

Basi. Swali la mwisho ndilo linalokuambia ni nani. Mwenye loji atakujibu kuhusu jua na mvua, pengine na picha ya ukuta. Dalali hajui mlango unakaa wapi, atarudi na "nipe bei yangu".

Neno "mpya" nimeliweka makusudi. Watu wa loji husikia kwamba milango ya zamani ya mwambao ina mambo yake, na ni kweli: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940. Akijua wako umechongwa leo, hofu hiyo imeondoka bila kuijadili.

FundiDunda

Bi mkubwa shikamoo, na asante sana. Je, nisimwekee ule mchanganuo wa gharama? Akiona mbao peke yake ni 980,000 si ataelewa mwenyewe kwamba 900,000 haiwezekani?

BiKaole

Marahaba. Usiweke. Ukimpa mchanganuo atapatana mstari mmoja mmoja. "Wachongaji 750,000 mbona wengi, weka mmoja." "Njumu sitaki, toa 170,000." Mwishowe mtakuwa mnagombania kazi yako badala ya mlango wake. Mwambie kilichomo, usimwambie kila kimoja kimekugharimu nini.

Mkaguzi_TA (Tanga)

Hapo kwa Bi Kaole natofautiana kidogo. Nimefanya kazi kwenye manunuzi. Kama loji ni ya kampuni, anayeandika imeli si mwenye pesa, ni mtu anayetakiwa kumweleza bosi kwa nini 3,050,000. Bila karatasi ya kumwonyesha bosi, anakwama. Mpe proforma yenye mistari: mlango, fremu, njumu, umaliziaji. Si gharama zako, ni bei zako za kuuzia kwa kila kipande.

BiKaole

Ikiwa ni kampuni na wameomba proforma, sawa. Kabla hawajaomba, mimi bado sipeleki.

DaudiBiashara

Swali kwa Bi Kaole, kwa nia njema. Ukimtajia mlango wa 2,300,000, huoni atasema "nipe ule wa maua yote kwa bei ya huu"? Umemfungulia mlango wa pili wa kushukia.

BiKaole

Wapo wanaofanya hivyo, hujakosea. Jibu lake ni fupi: "Kwa 2,300,000 ni ule wenye miimo laini." Unalirudia bila kuongeza neno. Lakini kama FundiDunda anamwona mteja ni mjanja sana, aifiche njia ya pili hadi barua ya pili. Hapo inategemea alivyomsoma.

FundiDunda

Mrejesho wakuu. Nilituma jana asubuhi, karibu kama alivyoandika Bi Kaole, ila njia ya pili sikuiweka. Leo kajibu kwa urefu! Anasema mlango utakaa kwenye baraza lenye paa, mvua haifiki ila jua la jioni linapiga. Katuma picha ya ukuta na vipimo. Halafu mwishoni: "Bajeti yetu ni 1,600,000, angalia unavyoweza kutusaidia." Nimefurahi anaongea, lakini 1,600,000 bado iko chini ya gharama.

BiKaole

Angalia alivyotembea. Wewe umeshuka 150,000, yeye amepanda 700,000. Ile 900,000 ilikuwa ya kupima tu. Na dalali hatumi picha ya ukuta.

Sasa hatua yako iwe ndogo kuliko ya kwanza, ili aone unakaribia ukingo bila wewe kumwambia. Shuka 100,000, iwe 2,950,000, na umwombe kitu: malipo ya awali ya asilimia 60 kabla ya kuanza. Kwako pesa hizo ni 1,770,000, zinanunua mbao na shaba na zinawalipa wachongaji sehemu kubwa. Hapo hujashuka bure, mmebadilishana. Anza barua na jua la jioni, kwa sababu ndilo alilokueleza: mwambie utakavyoiandaa mninga isipasuke upande huo. Bei ije baada ya hapo. Kisha mwishoni weka ule mlango wa miimo laini. Amekuambia bajeti ni 1,600,000, na 2,300,000 iko karibu naye zaidi.

Mkaguzi_TA

Na muulize ni milango mingapi kwa jumla. Kama ni sita, bei ya mmoja na bei ya sita ni mazungumzo mawili tofauti.

FundiDunda

Hilo la idadi naliweka. Na akirudi bado chini ya 1,970,000?

BiKaole

Basi barua ya tatu ndiyo ya kusimama. "Kwa kazi hii 2,950,000 ndiyo bei ninayoweza kuisimamia hadi mwisho wa mwezi, kwa sababu mbao nilizo nazo nimenunua kwa bei ya sasa. Mkiwa tayari nitaanza siku malipo ya awali yatakapoingia. Kama mmepata pengine kwa sasa, nitafurahi kusikia mtakapofikia milango ya vyumba." Ile tarehe iwe ya kweli. Ukiongeza muda kila akinyamaza, ataacha kuiamini, na bei yako pia.

MamaNgamiani

Na mimi mwenye kiwanja naweza kutumia hii ya kuomba malipo ya awali?

Mkaguzi_TA

Mama, kiwanja ni mambo ya hati na mkataba, usipokee hela ya mtu kabla ya maandishi mbele ya wakili. Fungua uzi wake tukusaidie.

FundiDunda

Nimetuma sasa hivi: jua la jioni kwanza, 2,950,000 na asilimia 60, mlango wa miimo laini, na swali la idadi. Akijibu nitaleta hapa. Daudi, bado unaona ningekata katikati?

DaudiBiashara

Kwa mlango huu hapana. Ila kwa vitu vya kuuza haraka bado nasimama na katikati yangu.