Hesabu za sehemu zenye "ya zilizobaki": baa moja au baa mbili?

mama_wawili
Wadau habari zenu. Binti yangu yuko darasa la sita, toka jana jioni tunapambana na mchoro mmoja hapa mezani. Swali lenyewe: Asha ana kitabu, siku ya kwanza kasoma 1/4 ya kurasa zote, siku ya pili kasoma 2/5 ya zilizobaki, bado kurasa 54 hajazisoma. Kitabu kina kurasa ngapi? Mwalimu wao anachora baa moja anaikatakata humohumo, dada yake mkubwa anasema hapana, chora ya pili chini kwa ajili ya zilizobaki. Mtoto kachora moja, kakata vyumba vinne, kapaka kimoja, vimebaki vitatu. Sasa vitatu unavigawaje mara tano? Ndo tulipokwama. Ipi nafuu, na namba anaandika wapi, maana kwake kila chumba kina kitu hata husomi.

kalamu_butu
Hiyo ndogo sana. Zidisha asili, 4 mara 5 ni 20, chora vyumba 20 toka mwanzo uachane na habari za kukatakata. Robo yake vyumba 5, halafu 2/5 ni vyumba 8, jumla 13, vimebaki 7. Gawa 54 kwa 7 upate chumba kimoja, zidisha mara 20, kwisha.

mama_wawili
Asante ila 54 kwa 7 inanipa 7.71 na mkia mrefu. Asha kasoma vipande vya kurasa?

kalamu_butu
Basi swali limekosewa kuchapwa, ilikuwa iwe 56. Hutokea sana.

Mwl_Chaki
Swali liko sawa kabisa. Kalamu butu, hiyo 20 yako haina shida, shida ni 8. Umechukua 2/5 ya kitabu kizima na swali limesema ya zilizobaki. Baada ya siku ya kwanza vimebaki vyumba 15, 2/5 ya 15 ni 6, kwa hiyo visivyosomwa ni 9. 54 kwa 9 ni 6, mara 20 unapata 120. Na wewe mama, hilo ndo jibu la vile vitatu vya binti: asihangaike kuvigawa vyote kwa pamoja, akate kila kimoja mara tano, anapata vidogo 15, na kile cha kwanza akikate vilevile ili vyote vilingane.

Desimali ilikuwa dalili nzuri safari hii, ila msiitegemee. Swali hilohilo lingesema zimebaki 63, njia ya kalamu butu ingetoa 9 kwa chumba na kitabu cha kurasa 180, namba safi kabisa, na mtoto asingeshtuka. Dawa ni kurudi mbele: 180 toa robo inabaki 135, 2/5 yake ni 54, zinabaki 81. Sio 63. Hapo ndo unajua umepaka vyumba vya kitu kingine.

dada_mkubwa_wa_hesabu
Sawa ila mwalimu vyumba 20 kwa mkono wa mtoto ni vurugu, vya mwisho vinabanana hadi anapoteza hesabu. Ikija 3/8 halafu 1/6 ya zilizobaki atachora 48? Mi nafundisha jirani watatu na wote nimewahamishia baa mbili. Ya juu vyumba 4, kimoja kimepakwa. Chini ya vile vitatu vilivyobaki, na ni chini ya hivyo tu, unachora baa nyingine inayoanzia na kuishia palepale, hiyo unaikata 5. Paka 2, vimebaki 3, hivyo vitatu ndo 54. Kimoja 18, baa yote ya chini 90. Panda juu sasa, 90 ni vyumba vitatu, kimoja 30, kitabu 120. Hakuna kuzidisha asili popote.

baba_pacha
Mi wangu tulipita hukohuko. Baa ya Juma juu baa ya Ali chini, Juma ana 2/3 ya kalamu za Ali, wanajumlisha zote wanapata jibu. Kwa hiyo mama hapo jumlisha tu baa zote mbili, 120 na 90.

Mwl_Chaki
Hapana hapana, ya kwako ni ulinganisho, watu wawili vitu viwili. Hapa kitabu ni kimoja na baa ya chini ni kipande cha ya juu kilichoshushwa tukione vizuri. Lakini umenisaidia, maana hilo ndo tatizo la baa mbili ambalo dada mkubwa hajalisema: watoto waliotoka kwenye maswali ya kina Juma na Ali wakiona baa mbili mkono unakimbilia kujumlisha. Mi nawavutisha mistari miwili ya nukta, kutoka ncha za vile vyumba vitatu hadi ncha za baa ya chini, na pembeni ya kila baa wanaandika ni ya nini. Juu "kitabu chote", chini "zilizobaki baada ya siku ya kwanza". Sio "zilizobaki" peke yake, kwa sababu hata zile 54 ni zilizobaki.

dada_mkubwa_wa_hesabu
Mistari ya nukta nimeiiba hiyo. Kuhusu namba: ndani ya vyumba wangu hawaandiki sehemu hata moja. Mtoto akiandika 2/5 ndani ya chumba, dakika mbili baadaye hajui ni ya nini. Na 54 isikae ndani ya chumba kimoja, inakaa chini ya bano refu linalokumbatia vyumba vyote vitatu, vinginevyo utamkuta anazidisha 54 mara 5. Alama ya kuuliza iwe juu ya bano la baa nzima ya juu.

Mwl_Chaki
Kwenye sehemu ndani ya vyumba tutabishana, mi darasa la nne naziruhusu. Ila kuna mtego mwingine. Vitabu vingi vinaanza na 1/4 halafu 2/3 ya zilizobaki. Vimebaki vyumba vitatu, anachukua viwili, hajakata kitu. Akifanya kumi za hivyo anaamini vyumba vilivyobaki vinatosha siku zote, siku ikija 2/5 anaganda. Nadhani ndo kilichompata binti.

mama_wawili
Ndo hicho hasa, zoezi lote lilikuwa la hivyo. Kachora ya dada mkubwa, 120 kaipata mwenyewe. Lakini namba inayofuata: siku ya pili kasoma 2/5 ya zilizobaki na kurasa 6 zaidi, zimebaki 48. Yeye katoa 6 kwenye 48 kapata 42 kagawa kwa 3.

dada_mkubwa_wa_hesabu
Zile 6 zimeliwa kutoka chumba cha tatu cha baa ya chini. Amege kipande kidogo mwanzoni mwa hicho chumba aandike 6, kilichobaki mpaka mwisho ni 48. Vyumba vitatu vizima ni 48 na 6, yaani 54, kitabu kilekile. Akiona kipande kimekaa ndani ya chumba hatatoa tena.

Mwl_Chaki
Mi kipande hicho nakichora kwa mstari wa nukta, sio mzima, la sivyo atahesabu vyumba sita.

kalamu_butu
Nimeichora hii kwa vyumba 20 vyangu na nimeipata pia, ila nimetumia karatasi mbili.