Robo nne na mtihani wa mwisho, kila kimoja 20%: ni haki?

Mama Neema: Shule ya mwanangu inagawa mwaka hivi, kila robo 20% halafu mtihani wa mwisho 20%. Kaanza na 30, akaja 45, 60, sasa kapata 70. Kashaelewa, mbona ile 30 inamfuata mpaka mwisho wa mwaka?

Juma K: Dada tulia, robo nne zimempa 41 tayari. Kama kufaulu ni 50 anadaiwa 9 tu, yaani akipata 45 kwenye mtihani kapita. Na mtihani wenyewe 20% tu, hauwezi kupindua kitu.

Mwl wa Hesabu: Hiyo 45 uko sahihi Juma, ila hapo pa kupindua sikubaliani. Alama za robo zina kazi za nyumbani na majaribio madogo ndani yake, kwa hiyo darasa zima linabanana kwenye 70 na kitu, mtihani ndo unawatawanya. Chukua mmoja mwenye wastani wa 78 kwenye robo na mwingine 74, kabla ya mtihani wamepishana pointi 3.2 tu. Huyo wa 78 akipata 40 kwenye mtihani na mwenzie 70, wa kwanza anaishia 70.4 na wa pili 73.2. Karatasi inasema 20% lakini nani awe juu ya nani umeamua mtihani.

Baba Rehema: Mi naona mtihani ufutwe tu. Wangu aliumwa robo ya kwanza yote wakamwekea sifuri, zilizobaki kapata 62, 65, 66.

Mwl wa Hesabu: Pole sana baba Rehema, ila hapo shida sio mtihani, ni hiyo sifuri. Ikibaki ana 38.6 na anatakiwa apate 57 ndo afaulu. Wangeacha wazi, ile 80% ya robo ikabebwa na hizo tatu, angekuwa na 51.5 kabla hata hajakaa kwenye mtihani. Kaulize kwenye mfumo wao wamejaza 0 au wameacha tupu, maana kwenye ripoti unaweza usione tofauti.

Mama Neema: Sawa mwalimu, ila hujanijibu langu. Robo ya kwanza si ingekuwa 10% na ya nne 30%?

Mwl wa Hesabu: Wako angefika 45, angedaiwa 25 tu kwenye mtihani. Sasa geuza, mtoto aliyeanza na 70 akashuka 60, 45, 30 angebaki na 37, angetakiwa apate 65, na huenda kashuka sababu nyumbani kuna matatizo. Uzito sawa unawatendea hao wawili sawasawa.

Mama Neema: Ila hao wawili hawako sawa mwalimu! Mmoja leo anajua, mwingine leo hajui, na mwaka ujao wataingia darasa moja wote na alama ileile.

Juma K: Hapo dada mi nasimama na wewe.

Mwl wa Hesabu: Kama alama ni ya kusema leo anajua nini, nakubali. Ila ratiba ya shule haifuatani hivyo, robo ya kwanza inaweza kuwa hesabu za sehemu na ya nne maumbo, akipata 70 ya maumbo haimaanishi zile sehemu kashazielewa. Mpe swali moja la sehemu leo jioni uone.