Naomba ushauri: mteja mpya anataka kufuta kifungu kwenye barua ya makubaliano ya ukaguzi

Ndugu wanajumuiya, habari za kazi. Ofisi yetu ndogo ya ukaguzi hapa Arusha imepata mteja mpya, kampuni ya utalii, ambaye amekubali kuandika kwamba hesabu na udhibiti wa ndani ni wajibu wa wakurugenzi, lakini anataka tufute kifungu cha kutupatia taarifa zote, ili vitabu vya fedha taslimu vya kambi yake ya Karatu, inayoingiza karibu nusu ya mapato, visiguswe. Nimemweleza kuwa Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 210 kinahesabu kupewa taarifa zote miongoni mwa masharti ya awali ya kukubali ukaguzi, naye anajibu kwamba tutoe tu maoni yenye shaka. Nahofia tutaishia kushindwa kutoa maoni kabisa.

Je, nikatae kazi sasa, au kuna maneno ya kifungu yanayolinda siri zake bila kupunguza mawanda?