Barua ya Amcos kwa kampuni ya bima: ipi kati ya hizi mbili itamleta mtathmini shambani?

Katibu wa Isimani

Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa Amcos ndogo huku Isimani, Iringa. Msimu huu wanachama 38 tulikata bima ya mahindi, ekari 96, hati moja ya pamoja. Tulipanda kati ya tarehe 10 na 20 Desemba. Mvua ilikwenda vizuri, tukaweka na mbolea ya kukuzia, halafu tarehe 3 Februari ikakata. Hatukuona tone mpaka tarehe 27, na mahindi ndiyo yalikuwa yanatoa mbelewele. Jana nimemenya gunzi shambani kwangu: punje ziko upande mmoja tu, kwingine ni kama fizi za mtoto mchanga.

Nimeandika barua mbili. Ya kwanza mwenyekiti anaipenda:

"Kwa masikitiko makubwa tunawajulisha kuwa mashamba yote ya wanachama wetu yameteketea kwa ukame kwa asilimia 100. Tunaomba fidia ya haraka kwani wananchi wana hali mbaya."

Ya pili ni yangu:

"Tunatoa taarifa ya hasara ya ukame kwenye mahindi yaliyo chini ya hati yetu. Mvua ilikatika Februari 3 hadi 27, mazao yakiwa kwenye mbelewele. Tunaomba mtathmini afike kabla hatujavuna. Orodha ya mashamba imeambatanishwa."

Mwenyekiti anasema yangu haina uchungu, ofisini wataiweka kando. Nipeleke ipi?

Mpunga wa Mbarali

Pole sana katibu. Hapo nendeni benki kwanza, waombeni wasogeze marejesho. Sisi mwaka ule tulipewa miezi mitatu.

Katibu wa Isimani

Asante kaka, ila sikuuliza habari za mkopo. Swali langu ni barua ya kwenda bima.

Mzee wa Gunia

Wala msiandike chochote sasa. Vuneni, pimeni magunia mbele ya mtendaji wa kijiji, ndipo mpeleke barua na idadi. Gunia halidanganyi. Ukiita mtu leo atakuta mahindi bado yamesimama aseme mbona yapo.

Mama wa Mbozi

Shikamoo mzee, hapo naomba nikupinge, maana ushauri huo ndio ulitumaliza sisi. Tulikuwa na maharage na mahindi, ukame ukapiga, tukasema tusubiri mavuno. Mavuno yenyewe yakawa haba mno, watu wakaona bora waingize ng'ombe wale mabua. Barua ilipofika, kampuni ikajibu kuwa hakuna shamba la kukagua. Tulikuwa na magunia yetu machache na sahihi ya mtendaji, havikutosha. Nililia siku ile, maana ekari 2 zangu zilikuwa zimekauka kweli kweli.

Mtembea Mashamba

Katibu, nimefanya tathmini za mazao Nyanda za Juu Kusini kwa misimu kadhaa. Kabla ya barua yoyote, fungua hati yenu uone ni bima ya aina gani. Kama inalipa kwa kipimo cha mvua au picha za satelaiti, kumwita mtathmini shambani hakusaidii, kwa sababu malipo hayaangalii shamba lako. Hapo utaomba takwimu za eneo lenu na namna walivyozikokotoa. Kama inalipa kwa mavuno ya shamba, endelea na barua ya pili.

Ya mwenyekiti ina neno moja litakalowaumiza: "asilimia 100". Chukua mfano hati inalinda asilimia 70 ya mavuno ya kawaida, na kawaida yenu ni gunia 12 kwa ekari. Kinga ni gunia 8.4. Aliyebakiwa na gunia 3.2 amepungukiwa 5.2, yaani kama asilimia 62 ya kinga yake, na hiyo ndiyo sehemu ya kiwango chake cha bima atakayolipwa. Aliyepanda bondeni akapata gunia 9 halipwi kitu. Mtathmini akiingia kwanza kwenye shamba hilo la bondeni, barua yenu nzima inageuka uongo, na wale walioumia kweli wataanza kutiliwa shaka.

Namna ya kukadiria bila kubahatisha: kama mistari yenu ina nafasi ya sentimita 75, pima mita 5.4 za mstari mmoja. Hiyo ni karibu sehemu moja ya elfu ya ekari. Hesabu gunzi zenye punje, menya tatu nne bila kuchagua nzuri, uhesabu punje. Ukipata gunzi 9 zenye wastani wa punje 120, ni punje 1,080. Punje iliyojaa ina kama gramu 0.3, basi hiyo ni gramu 324 pale, na kilo 324 kwa ekari. Rudia sehemu tano za shamba, na usiishie pembeni mwa barabara. Punje za ukame huwa nyepesi, kwa hiyo barua iseme wazi kuwa ni makadirio.

Mzee wa Gunia ana haki upande mmoja: hesabu ya mwisho mara nyingi inafungwa wakati wa mavuno. Lakini taarifa haisubiri mavuno. Chanzo cha hasara kinaonekana sasa, na mtathmini atakitafuta. Akikuta majani yenye matundu na kinyesi cha kiwavi kwenye moyo wa mmea, ataandika viwavijeshi vamizi, siyo ukame. Mashamba ya namna hiyo yatajeni wenyewe kwenye orodha.

Katibu wa Isimani

Nimefungua hati. Inasema mavuno ya shamba, na taarifa itolewe ndani ya siku 7 tangu hasara ionekane. Sasa hizo siku 7 zinaanza lini? Mvua ilipokata, au nilipomenya gunzi jana?

Mtembea Mashamba

Hapo kampuni hubishana na wakulima kila mwaka. Ukame hauna siku moja kama mvua ya mawe. Mimi ningeandika tarehe zote mbili kama zilivyo na kuipeleka kesho asubuhi, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mzee wa Gunia

Sawa, nimeelewa kuhusu taarifa. Ila bado nasema tathmini ya mwisho iwe siku ya kuvuna, msikubali wafunge hesabu leo.

Mpunga wa Mbarali

Samahani katibu, nilikusoma vibaya. Lakini kama bima yenu ilikuja pamoja na mkopo wa pembejeo, angalia nani ameandikwa kupokea fidia. Yetu iliandikwa benki.

Katibu wa Isimani

Dah, ni kweli, imeandikwa benki kwanza. Nakala itakwenda kwao pia.

Nimeongeza hivi: "Hasara ilionekana kwenye gunzi Machi 1, baada ya siku 24 bila mvua. Kati ya mashamba 38, mashamba 29 yana makadirio yaliyo chini ya kinga, 6 yako juu, na 3 yana viwavijeshi pia. Hakuna shamba litakaloguswa kabla ya ukaguzi." Mwenyekiti amekubali, ila ameomba sentensi moja ya hali ya familia ibaki mwishoni. Nimeiacha.

Kimebaki kimoja. Wanachama wanne wanataka kufyeka wapande alizeti wakati unyevu upo. Nimesoma mahali kuwa mtu anaweza kuacha mistari ya ushahidi.

Mtembea Mashamba

Kampuni nyingine hukubali mistari michache iachwe katikati ya shamba, nyingine hukataa kabisa. Liweke swali hilo kwenye barua yenyewe, uwataje hao wanne, uombe jibu la maandishi. Kabla halijaja, panga lisiingie shambani.

Mama wa Mbozi

Na ng'ombe wafungwe.