Simu mpya, benki imenifungia zote mbili. Nifanyeje?

Mwanakhanga: Asalaam aleikum wadau. Nauza leso Mtaa wa Biashara, na pesa za mzigo nazituma kwa apu ya benki. Jumamosi nilinunua simu mpya, kijana wa duka akahamisha vitu vyote kutoka ile ya zamani: picha, majina, hata apu ya benki yenyewe na jina langu juu. Kuweka kidole, naambiwa kifaa hakijasajiliwa. Sawa, nikahamisha laini, nikasajili, ikakubali. Jumapili usiku nikawasha ya zamani kwa wi-fi nitafute risiti, apu ikaniambia akaunti iko kwenye kifaa kingine. Nikabonyeza kusajili tena pale. Ikakubali, mpya ikafungwa! Nikarudi kwenye mpya, mara hii zote zikakataa, eti nifike tawini na kitambulisho. Kosa langu ni lipi? Na hii ya zamani nimemwahidi mpwa wangu wa Likoni.

BabaSwaleh: Pole dada. Hiyo ni IMEI. Benki imeandika IMEI ya simu yako ya kwanza, sasa inaona nyingine. Bonyeza `*#06#`, uwapelekee nambari waibadilishe.

Laini Mbili: Mimi M-Pesa yangu ilikataa vilevile nilipobadilisha simu, kumbe laini ilikuwa imechakaa. Nenda ukabadilishe laini.

Mwanakhanga: Laini ni nzima, M-Pesa inafanya kazi kama kawaida.

Fundi wa Digo Road: M-Pesa haiwezi kukupa jibu hapa, kwa sababu ile inakaa kwenye laini, ukiihamisha laini, imehama nayo. Apu ya benki hukaa kwenye simu. BabaSwaleh amekaribia, ila tangu Android 10 apu ya kawaida hairuhusiwi kusoma IMEI, kwa hiyo kuwapelekea hakutakusaidia.

Siku ile ulipojisajili mara ya kwanza, simu ilijitengenezea ufunguo wake, ikaufungia ndani kabisa, mahali ambapo hata apu yenyewe haiwezi kuunakili. Benki ilibaki na kufuli la ufunguo huo. Kila ukituma pesa, simu hutia sahihi kwa ufunguo ule na benki hulinganisha na kufuli lake. Kijana wa duka alihamisha nyumba na fanicha zake, ufunguo ukabaki kwenye simu ya zamani. Ndiyo sababu jina lilitokea na kidole kikakataa.

Ukisajili simu mpya, benki hubadilisha kufuli. Wameifunga ya zamani kwa sababu wao hawajui kama iko kwenye droo lako au imeporwa kwenye feri. Ulivyorukaruka mpya, zamani, mpya kwa siku mbili, kwao ulifanana kabisa na mwizi anayegombania akaunti na mwenyewe. Kufungiwa huko hakuondoki kwa kufuta apu na kuipakua upya. Tawini utaenda tu.

BabaSwaleh: Lakini simu yangu ni ileile, niliifomati tu, na bado nikaambiwa ni kifaa kipya!

Fundi wa Digo Road: Ulipofomati uliufuta ufunguo. Kwa benki hiyo ni simu nyingine, hata kama kioo kina ufa uleule.

Mwanakhanga: Kwa hiyo niifomati ya zamani leo nimpe mtoto?

Fundi wa Digo Road: Ngoja kwanza. Benki nyingine huuliza simu ya zamani iidhinishe mpya, na ukishaifuta umejikata mkono. Acha mpya ifunguliwe, tuma hata shilingi 50 uone imepita, ndipo uifomati. Siku ya kusajili, laini ya benki iwe ndani ya simu mpya, ina salio la ujumbe, na uzime wi-fi. Kuna apu zinazotuma ujumbe zenyewe kimyakimya kuhakikisha laini iko mle. Ukiwa na laini mbili, ujumbe ukatokea kwa ile nyingine, inagoma bila kukueleza sababu.

Msaada Haraka: Dada nitumie faraghani nambari ya uthibitisho uliyopokea, nakufungulia dakika tano.

BabaSwaleh: Huyu ni mwizi. Usimjibu!

Laini Mbili: Kijana wangu yuko Doha, laini yake iko kwangu hapa Kisauni. Atasajili vipi huko?

Mwanakhanga: Nimerudi. Foleni ya saa mbili, binti wa dirishani akafuta vifaa vyote viwili, nikasajili mpya palepale mbele yake. Shilingi 50 zimepita. Nikajaribu 40,000 za mzigo, zikakataa, eti kifaa kipya kina kikomo kwa muda. Muda gani, hakunambia. Mwenye mzigo ananipigia, na mpwa naye ananipigia.