Shiti ya oda imewafanya wateja wangu wawili kuwa mtu mmoja, kitenge kishakatwa, nifanyeje?

FundiSinza
Wakuu habari za mchana. Nina ofisi ya kushona huku Sinza, mafundi wanne na mmoja wa kukata. Zamani oda zote zilikuwa kwenye kitabu cha risiti tu, mwaka huu mtoto wa dada akaniwekea shiti kwenye simu, Google Sheets, jina, simu, mshono, vipimo, tarehe ya kuchukua. Akaweka na safu ya mwisho inaandika MPYA au RUDIO, maana dada wa mapokezi alikuwa anaingiza oda moja mara mbili halafu mafundi wanagombana nani ashone. Akaweka na filta, zenye RUDIO zinafichwa, asubuhi fundi wa kukata anasoma zilizobaki.

Sasa nina akina Asha Juma wawili. Wa kwanza kifua 36, gauni fupi. Wa pili kaja siku mbili baadaye, kifua 42, gauni refu na kilemba, kitenge chake yadi 6, sendofu ni Jumamosi. Shiti ikamwandika wa pili RUDIO ikamficha. Fundi kaona Asha Juma mmoja, kaenda kwenye rafu kakuta mifuko miwili imeandikwa Asha Juma akajua ni wa mtu mmoja, akachukua wa juu akakata. Wa juu ulikuwa wa yule wa 42, na kakata kwa 36!! Nimeshtuka mteja alipopiga simu kuulizia, natafuta jina lake na namba inayoishia 41 simuoni.

Fomula yenyewe nimeikopi hii hapa:

```
=IF(COUNTIF($B$2:B2,B2)>1,"RUDIO","MPYA")
```

Naomba msaada wa shiti na wa kitenge, vyote.

Mchaga_wa_Kimara
Pole mkuu. Dawa ndogo tu, andika majina matatu. Asha Juma Saidi na Asha Juma Hamisi, kwisha habari. Benki wanafanya hivyo hivyo.

MamaKeki
Yamenikuta kwenye keki jamani, Neema wawili siku moja, mmoja bethidei ya mtoto mmoja kitchen party, keki ya kitchen party ikaenda kwa mtoto na yale maandishi yake 😂😂 mama mtu hajanipigia tena mpaka leo. Tangu hapo naandika kwa rangi ya keki.

Karani_Mstaafu
Mkuu shiti yako haijakosea hesabu, imeulizwa swali bovu. Fomula inahesabu jina limetokea mara ngapi kuanzia mstari wa 2 hadi hapo ilipo. B ni safu ya jina, basi. Simu haiangalii, kifua haiangalii. Ndio maana wa kwanza kabaki MPYA, wakati anaandikwa yeye jina lilikuwa mara moja, wa pili alipofika likawa mara mbili. Na haijali herufi kubwa wala ndogo, ASHA JUMA na Asha Juma kwake ni kitu kimoja. Ila dada wa mapokezi akiweka nafasi mbili katikati ya majina, hapo inaona ni watu tofauti, kwa hiyo hata kazi iliyowekewa haiifanyi vizuri.

Majina matatu yatapunguza tu, hayamalizi, Dar hii utapata Asha Juma Saidi wawili mtaa mmoja. Na nani kati ya wateja wako anataja majina matatu, si wengine wameandikwa Mama Junior?

Kwanza kabisa toa hiyo filta, mstari wa yule dada bado upo, umefichwa tu haujafutwa. Shukuru hamkutumia ile Remove duplicates, ile inafuta mstari wenyewe na vipimo vyake.

Kijana_IT
Unganisha jina na simu mkuu, hii hapa:

```
=IF(COUNTIFS($B$2:B2,B2,$C$2:C2,C2)>1,"RUDIO","MPYA")
```

Vyote viwili vikifanana ndio anakuwa rudio. Imeisha hiyo.

FundiSinza
Asante kijana, nimeiweka, akina Asha wote wameonekana. Lakini kuna mama mmoja kaleta sare za watoto watatu, jina lake simu yake, mistari mitatu, sasa watoto wawili wamekuwa RUDIO. Na kuna namba zingine sifuri ya mbele imepotea, sijui ndo nini.

Karani_Mstaafu
Ndicho nilichokuwa nakuja kukisema. Sifuri inapotea kwa sababu shiti inadhani ni hesabu, chagua safu ya simu, nenda Format, Number, Plain text, halafu zile zilizoharibika ziandikwe upya. Lakini hata ukizirekebisha, mteja mmoja ana haki ya kuwa na oda tatu. Wewe tatizo lako la mwanzo lilikuwa oda kuingizwa mara mbili, sio mtu kuja mara mbili.

Sasa kitabu chako cha risiti si kina namba zimechapwa juu kabisa? Hiyo namba ndio ya kuangalia. Kila gauni risiti yake, na hao watoto watatu risiti tatu hata kama mama ni mmoja. Weka namba safu ya A, fomula iwe hivi:

```
=IF(COUNTIF($A$2:A2,A2)>1,"ANGALIA","")
```

Nimeandika ANGALIA makusudi. Isifiche kitu, dada akiiona afungue kitabu alinganishe. Kitabu kikiisha kipya kinaweza kuanza tena 001, kwa hiyo andika A-001, kitabu kinachofuata B-001.

BiMwajuma_Cherehani
Mnaongea shiti tu, na mfuko je? Hata shiti ingekuwa sawa, mifuko miwili rafuni imeandikwa jina tupu, fundi angekosea vile vile. Mimi nakata kipande kidogo cha kitambaa pembeni nakibana kwenye risiti yangu kwa stepla, na namba ya risiti naibana kwa pini kwenye kitambaa chenyewe, sio mfuko, maana mifuko inabadilishana. Fundi analinganisha kipande na kitambaa kabla hajashika mkasi.

Kitenge sasa. Gauni fupi la 36 limekula yadi ngapi?

FundiSinza
Kama yadi 3 bi mkubwa, zimebaki 3 na vipande. Kile cha mwenzake kipo salama hakijaguswa.

BiMwajuma_Cherehani
Afadhali. Gauni refu la 42 mimi sishuki yadi 4, kwa hiyo nzima halitoki. Ila mwili mbele na nyuma utoe kwenye hizo 3, mikono na ukosi utoe kwenye vilivyokatwa, kilemba ndio sina uhakika, labda kiwe cha kuunga. Angalia maua ya kitenge, kama ni makubwa maungio yataonekana. Usianze bila kumwambia.

Mchaga_wa_Kimara
Mi naona nenda Kariakoo na kipande, tafuta kitenge kile kile, nunua, mshonee, asijue kitu.

BiMwajuma_Cherehani
Ukikipata. Na huyo mwenye sendofu akikuta rangi imepishana kidogo?

MamaKeki
Hela ya kitenge atalipa nani, ofisi au fundi aliyekata?

FundiSinza
Fundi simkati, karatasi aliyopewa ilikuwa na jina moja. Mtoto wa dada naye anasema hakuambiwa kwamba mteja mmoja anaweza kuwa na oda nyingi, na kweli hakuambiwa. Namtuma kijana Kariakoo saa hizi na kipande, akikosa nampigia Asha kabla ya saa kumi. Mwenye ujuzi wa kilemba cha kuunga kisionekane mshono aniambie, hapo bado sijapata jibu.