Naomba ushauri: kinywaji cha lishe kinamkatia mama hamu ya kula

Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 79, kilo 42. Mapaja yamekwisha, akinyanyuka kitini lazima ashike meza. Daktari alipima figo, ziko salama, akasema apate gramu 50 hivi za protini kwa siku. Nilikuwa nampa kikombe kizima cha kinywaji cha lishe saa sita. Ikifika saa saba anaonja vijiko viwili tu vya chakula, ameshiba. Sasa nampa nusu kikombe saa nne, nusu kikombe saa kumi, na kidogo kabla ya kulala. Samaki wake anammaliza, namshukuru Mungu. Ila kopo hili lina gramu 6 tu za protini kwa kikombe, sukari tele. Mliouguza wazee, mlipata lenye gramu 15? Au niongeze maziwa ya unga kwenye uji?